Mgeni huyu ni nani? Namna ya kupima tafsiri ya shairi kipande kwa kipande

Katika madarasa ya fasihi ya Moshi na Arusha, kosa linalopoteza alama nyingi kwenye swali la ushairi si kutokujua lugha. Mwanafunzi husoma ubeti wa kwanza na wa pili, wazo likamjia, akaandika kurasa mbili za kulitetea wazo hilo, na mishororo miwili ya ubeti wa tatu inayomkana haigusi kabisa. Msahihishaji naye huishika ile ile miwili. Tafsiri ya shairi haihukumiwi kwa wingi wa mistari inayokubaliana nayo, kwa sababu karibu wazo lolote hupata mistari mitano ya kuliunga mkono. Huhukumiwa kwa ile inayoikataa.

Shairi la fumbo ndilo linalofaa zaidi kwa kujifunzia kazi hii, maana lina jibu, na jibu hilo lazima lipite kila mahali. Lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala hii. Ni tarbia ya kawaida: beti nne, mishororo minne kila ubeti, mizani 8 kwa 8.

1
Katokea msituni, wala hajui kuchoka,
Jembe liko mkononi, babu ndiye kamshika,
Kilimani ubavuni, taratibu kazunguka,
Asiposhikwa mkono, mgeni hafiki kwetu.

2
Kwa jirani Jumatatu, kwetu huja Ijumaa,
Hali wali hali kitu, wengi huwatoa njaa,
Akipita kwa mwenzetu, sisi kando tunakaa,
Asiposhikwa mkono, mgeni hafiki kwetu.

3
Usiku hulala ndani, udongo kitanda chake,
Asubuhi mlangoni, hufunguliwa atoke,
Husambaa kihambani, kila jani mwana wake,
Asiposhikwa mkono, mgeni hafiki kwetu.

4
Akiibwa giza nene, ndugu huja na marungu,
Sale huja wapatane, yaishe yote machungu,
Zamu yao waione: si yako leo, ni yangu,
Asiposhikwa mkono, mgeni hafiki kwetu.

Kabla ya kuuliza mgeni ni nani, andika shairi zima kwa lugha ya mazungumzo, bila kufumbua chochote. Mgeni ametokea msituni. Hachoki. Babu amemshika, na kuna jembe mkononi mwa mtu. Amezunguka ubavuni mwa kilima polepole. Hatua hii wengi huiruka kwa kuona ni kazi ya darasa la tano, lakini ndiyo inayozuia wazo kuingia mapema na kuyapaka maneno rangi yake. Aliyekwisha amini kwamba shairi ni la mapenzi husoma "kamshika" akaona kumbatio. Aliyeandika tu "babu amemshika mgeni" bado ana jicho safi.

Angalia pia kwamba tumesema "mkononi mwa mtu". Shairi halikusema jembe liko mkononi mwa nani. Huenda ni babu, huenda ni mgeni mwenyewe. Pale maandishi yanapoacha nafasi wazi, iache wazi kwenye daftari lako pia. Ukiijaza sasa kwa kubahatisha, baadaye utautumia ubahatishaji wako kama ushahidi.

Kisha gawa shairi katika vipande. Mishororo 16 ina vipande 32, lakini kipokeo kimerudiwa mara nne, hivyo vipande vinavyotofautiana ni 26. Tunapima kwa kipande, wala si kwa mshororo, kwa sababu ukwapi na utao mara nyingi husema mambo mawili. "Hali wali hali kitu" ni jambo moja, na "wengi huwatoa njaa" ni jingine. Tafsiri inaweza kuelewana na utao huku ukwapi wa mshororo ule ule unaipiga teke. Anayeweka alama moja kwa mshororo mzima hataliona teke hilo.

Chora jedwali: kushoto vipande, kulia safu moja kwa kila tafsiri unayoipima. Alama ni tatu tu. Tiki, kipande kinapoiunga mkono tafsiri. Nukta, kinaponyamaza, yaani hakiongezi wala hakipunguzi. Eksi, kinapoikataa. Nukta ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Bila nukta utalazimika kukipa tiki kila kisichopinga, na jedwali litajaa tiki za bure.

Sasa tafsiri ya kwanza, ile inayowajia wengi wakifika ubeti wa pili: mgeni ni mume wa mitara. Isidharauliwe. Kwa jirani Jumatatu, kwetu Ijumaa: hiyo ni zamu ya wake wenza, na ubeti wa nne unalitaja neno lenyewe, "zamu". Akiwa kwa mwenzetu, sisi tunakaa kando. Akiibwa, ugomvi; na mume huibwa kweli katika mazungumzo ya watu, husikii mara ngapi mtu akisema fulani kamwibia mwenzake mume? "Si yako leo, ni yangu" ni maneno ya wake wenza wawili mlangoni. Kiambishi "a" nacho hakizuii chochote, maana Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika "amekuja" au "huyu". Tiki tano au sita zinapatikana bila jasho.

Halafu eksi zinaanza. "Hali wali hali kitu": mume wa zamu hali? Mtetezi atasema labda amefunga, kwa kuwa Ijumaa imetajwa. Lakini "kwetu huja Ijumaa" ina kiambishi "hu", kinachoonyesha mazoea, na "hali" inakaa ndani ya mazoea hayo hayo. Hatuambiwi kwamba Ijumaa moja hakula. Isitoshe, anayefunga mchana hufuturu jioni. "Udongo kitanda chake": mtetezi atasema ni umaskini. "Hufunguliwa atoke": atasema alifungiwa kwa wivu. "Kila jani mwana wake": ana watoto wengi kama majani.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi nzima. Kila moja ya majibu hayo, likisimama peke yake, linawezekana. Lakini hakuna hata moja lenye kipande kingine cha shairi kinacholishuhudia. Umaskini haukutajwa popote, wivu wa kufungiana milango haukutajwa, funga haikutajwa. Hivyo ni viraka, na kiraka kina kanuni moja: kikubaliwe ikiwa tu kuna kipande kingine, tofauti na kile kinachozibwa, kinachosema jambo lile lile. Kiraka kimoja kisicho na shahidi kinaweza kuvumiliwa kwa muda huku ukiendelea kusoma. Viwili vinatia shaka. Vikifika vinne, nguo imekuwa viraka vitupu.

Na kipokeo? "Asiposhikwa mkono, mgeni hafiki kwetu." Mume wa mitara anayeshikwa mkono na babu ndipo afike kwa mkewe ni kichekesho. Kipokeo ndiyo sehemu ambayo mtunzi ameirudia mara nne, kwa hiyo eksi ya kipokeo haiwezi kuhesabiwa kuwa eksi moja kati ya 26. Tafsiri isiyopita kwenye kipokeo imekufa, hata ikiwa na tiki kumi kwingine.

Tafsiri ya pili ni mto. Hii inaondoa eksi nyingi za mume kwa mkupuo. Mto hutoka msituni, hauli kitu, huwatoa watu njaa kwa kunywesha mashamba, hulala juu ya udongo, na majani ni wanawe. Wanaofika hapa huweka kalamu chini. Ni mapema mno. Tafsiri inayokaribia sana ni ya hatari kuliko ile iliyo mbali, kwa sababu eksi zake ni chache na ndogo, na mkono wa kutia viraka huwa mwepesi.

Tazama "taratibu kazunguka". Mto wa mlimani hauzunguki kilima taratibu. Mito ya Kilimanjaro na ya Meru hushuka kwenye makorongo kwa njia ya mkato, kwa kasi, na ndiyo iliyoyachimba makorongo hayo. Mtetezi wa mto atasema mtunzi alitafuta kina cha "ka" tu, akachukua neno lililokuwa karibu. Hoja ya vina na mizani si ya kupuuzwa. Washairi wa Kiswahili hufupisha maneno kwa inkisari, huyarefusha kwa mazida, hubadili silabi kwa tabdila na hupindua mpangilio wa sentensi, yote kwa ajili ya arudhi. "Katokea" hapa ni "ametokea" iliyokatwa ili mizani isizidi. (Wakazi wa Arusha wanaokwenda kutazama mpira kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid wako kwenye uwanja wenye jina la mshairi, mmoja wa walioziweka kanuni hizi kwenye maandishi.) Kwa hiyo swali ni la haki: neno hili limechaguliwa, au limelazimishwa?

Kuna jaribio linalolijibu. Tafuta maneno mengine yenye mizani ile ile na kina kile kile, ambayo yangeifaa tafsiri unayoitetea. Kama hayapo, huenda mtunzi alibanwa, na kipande hicho ukipe nukta. Kama yapo, tena ni mepesi, basi mtunzi aliyaona akayaacha, na kuyaacha kwake ni ushahidi. Kwa mto, badala ya "taratibu kazunguka" angeweza kuandika "haraka kateremka". Hesabu: ha-ra-ka-ka-te-re-m-ka, mizani nane, kina "ka". Yametimia. Hakuyaandika. Basi "taratibu" ni neno la kukusudiwa, na mto umepata eksi halali.

Eksi ya pili ya mto ni "babu ndiye kamshika", na ya tatu ni kipokeo. Mto hauhitaji kushikwa mkono. Unafika bila kuitwa, wakati mwingine unafika mpaka sebuleni. Ya nne ni "hufunguliwa atoke". Nani anaufungulia mto asubuhi?

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro watakuwa wamekwisha jibu: mfongo. Kwa wasioujua, mfongo ni mfereji wa asili wa Wachaga, uliochimbwa kwa jembe na vizazi vilivyotangulia, unaochukua maji kutoka kwenye kijito huko juu na kuyapeleka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba na kahawa. Miteremko ya Meru nayo ina mifereji yake. Mfongo haushuki na korongo. Unaliacha korongo, unafuata ubavu wa kilima kwa mwinamo mdogo sana, kwa sababu maji yakipewa mwinamo mkali yatakula udongo na kuuvunja ukingo, na yakinyimwa mwinamo kabisa yatasimama na kujaza tope. Hivyo "kilimani ubavuni, taratibu kazunguka" ni maelezo ya ujenzi, tena sahihi kabisa. Kipande kilichokuwa mwiba kwa tafsiri ya mto kimekuwa nguzo kwa hii. Ukiona eksi ya tafsiri moja inageuka tiki ya nyingine bila kiraka chochote, ujue unaelekea pazuri.

Endelea kushuka na jedwali. Maji ya mfongo hugawanywa kwa zamu, kwa siku au saa za kila nyumba: Jumatatu kwa jirani, Ijumaa kwetu, na siku ya mwenzako wewe unakaa kando. Usiku maji hukusanywa kwenye bwawa dogo la udongo, ambalo Wachaga huliita nduwa na Wapare huliita ndiva, kisha asubuhi hufunguliwa yashuke mashambani. Ule ubeti wa tatu uliomlazimisha mtetezi wa mume kutia viraka vitatu mfululizo sasa unapita bila hata kimoja. "Asiposhikwa mkono" ni kazi ya pamoja: banio la mawe, magogo na udongo kule kwenye kijito hubebwa na mafuriko, tope hujaa mferejini, na watumiaji wasipotoka na majembe, maji hurudi mtoni. Jembe liko mkononi mwa babu, kumbe, na ile nafasi tuliyoiacha wazi imejazwa na shairi lenyewe.

Ubeti wa nne una neno ambalo limewahi kuziangusha tafsiri nzuri: "sale". Sale ni mmea wenye majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, na kwa Wachaga jani lake ni ishara ya kuomba msamaha na kusuluhisha ugomvi. Msomaji asiyelijua hudhani ni kosa la chapa, akalisoma "sare". Mara moja mambo yanageuka: sare huja wapatane, timu mbili zimetoka sare, marungu ni ya mashabiki, mgeni ni kombe linalokaa kwa huyu kisha kwa yule! Inachekesha, lakini njia iliyofuatwa ndiyo ile ile inayotumiwa na wengi bila kujua: kubadili maandishi ili kuinusuru tafsiri. Neno usilolijua lipe nukta na alama ya kuuliza, halafu nenda kamusi, au kaulize mzee wa Marangu au wa Machame. Usilisahihishe. Kosa la chapa linakubalika kuwa kosa pale tu ambapo neno lililochapwa halina maana katika lugha yoyote ya mahali pale na halitimizi mizani. "Sale" lina maana na linatimiza mizani.

Hadi hapa mfongo hauna eksi. Lakini pitisha jedwali mara ya pili, safari hii ukisoma vitenzi peke yake, kwa sababu kitenzi hueleza kitu kinaweza kufanya nini na kinaweza kufanywa nini. Katokea. Kazunguka. Huja. Hulala. Hufunguliwa. Husambaa. Akiibwa. Je, mfongo husambaa kihambani? Mfongo ni mfereji. Unafika kihambani na kuishia hapo. Mfongo huibwa? Hakuna aliyewahi kuamka akakuta mfereji haupo. Mfongo huja Ijumaa na Jumatatu uko kwa jirani? Uko pale siku zote, umekauka au umejaa. Kinachosambaa, kinachoibwa usiku kwa kufungua tuta la udongo, kinachokuja kwa siku, ni maji yaliyomo. Mgeni si mfongo. Ni maji ya mfongo.

Tofauti hii inaonekana ndogo, na kwenye mtihani mwenye "mfongo" atapata sehemu kubwa ya alama. Lakini inabadili maana ya shairi. Kama jibu ni mfongo, shairi linasifu kazi ya mababu. Kama ni maji, basi babu na jembe lake ni njia tu, na shairi linahusu kitu kisicho cha mtu, kinachopita kwa kila mtu kwa saa chache na ambacho hakuna aliyekimiliki. Ndiyo maana anaitwa mgeni hata na watu ambao babu yao ndiye aliyemleta.

Kuna ushahidi mmoja wa lugha unaolipa uzito jibu hili, na unatoka kwenye ngeli. Shairi zima linamtaja mgeni kwa "a", ngeli ya watu: katokea, hajui, akipita. Ni sawa, maana neno "mgeni" linataka hivyo, na mtunzi wa fumbo hawezi kuandika "yametokea" bila kujianika. Sasa soma "si yako leo, ni yangu". Hapa hakuna "a". Kama anayegombewa ni mume au mgeni, sarufi ilitaka "si wako leo, ni wangu". Lipime kwa jaribio letu: si-wa-ko-le-o-ni-wa-ngu, mizani nane, kina "ngu". Hakuna kilichomzuia mtunzi, na bado akaandika "ya". Mto nao ungekuwa "wako" na "wangu", na mfongo vilevile. Maji ni "yako" na "yangu".

Lakini usikimbie nalo. Neno lililo jirani zaidi, lile la ukwapi, ni "zamu", na zamu nayo ni "yako" na "yangu". Kisarufi, hilo ndilo linalostahili kuchukuliwa kwanza: si zamu yako leo, ni zamu yangu. Kwa hiyo kipande hiki hakithibitishi maji peke yake. Kinachofanya ni kuondoa: kinasema kinachodaiwa hapa si mtu. Kwa tafsiri ya mume hii ni tiki iliyogeuka kuwa nukta, kwa sababu yale maneno yaliyosikika kama ya wake wenza yanagombea siku, wala si mwanamume. Kwa maji ni tiki, yenye uwezekano wa kusomwa kwa njia mbili zinazofika mahali pamoja. Andika hivyo hivyo kwenye jedwali. Kuutia ushahidi chumvi ni sawa na kutia kiraka, ila tu huku ni kwa upande wa unachokipenda.

Kuna tafsiri ambayo haitapata eksi hata moja na bado ni mbovu kuliko zote. Ni ile inayosema "shairi linahusu ushirikiano katika jamii". Kipande gani kitaikataa? Hakuna. Lakini ukitazama vizuri, haina tiki za kweli pia. Ni nukta tupu kutoka juu hadi chini, zilizobandikwa tiki. "Udongo kitanda chake" inahusiana vipi na ushirikiano? Kuitambua tafsiri ya namna hii ni rahisi: jiulize ni mshororo gani, ukibadilishwa, ungeiua. Ukiandika "asubuhi mlangoni, hugonga hadi achoke", maji ya mfongo yanapata eksi papo hapo, maana maji yaliyofungiwa nduwani hayagongi. Ushirikiano hautikisiki. Tafsiri isiyoweza kufa haijawahi kuwa hai. Ushirikiano ni dhamira, na dhamira huja baada ya kufahamu ni nini kimesemwa.

Jambo jingine la kuangalia unapofunga jedwali ni kama kila kitu kimebaki na maana moja toka mwanzo hadi mwisho. Ukisema mgeni ni maji, basi ni maji kwenye beti zote nne. Wapo wanaompa mgeni umto kwenye ubeti wa kwanza, umume kwenye wa pili na umvua kwenye wa tatu, kila mahali wakichagua kisichopingwa hapo. Jedwali lao halina eksi, lakini si jedwali la tafsiri moja. Pembeni mwa karatasi andika orodha fupi ya nani ni nani, kisha uheshimu: mgeni ni maji, babu ni wachimbaji, mkono ni kazi, mlango ni tundu la nduwa, mwana ni jani. Ukilazimika kuifuta orodha katikati ya shairi, ama tafsiri imevunjika, ama mtunzi mwenyewe amehama kwa makusudi, na kuhama kwa makusudi huacha alama, kama vile "lakini", kubadilika kwa njeo, au msemaji mpya.

Wakati mwingine tafsiri mbili hufika mwisho zote bila eksi. Hapo usilazimishe mshindi. Hesabu nukta. Yenye nukta chache ndiyo inayoeleza shairi zaidi. Nyingine itajwe kuwa inaruhusiwa. Zikilingana, sema hivyo, na uonyeshe ni kipande gani kingehitajika ili kuziamua.

Katika shairi letu maji ya mfongo yamepita vipande 25 kati ya 26. Kilichobaki ni "wala hajui kuchoka", cha mshororo wa kwanza kabisa. Kila mwenye kihamba anajua kwamba maji ya mfongo huchoka sana: kiangazi hupungua yakawa uzi, na wa mwisho kwenye mstari huweza kukosa zamu yake. Hiyo inanusa eksi. Njia moja ya kulitazama ni kwamba kipande kinaeleza mwendo na wala si wingi, maana "kuchoka" ni neno la msafiri na ubeti wote wa kwanza ni wa safari. Shahidi wake yupo: "katokea", "kamshika" na "kazunguka" zote ni za njiani, na kiangazi hakikutajwa popote. Hivyo ni kiraka chenye shahidi, na kinakubalika. Ila "lala" ya ubeti wa tatu inakivuta upande wa pili, kwa kuwa asiyechoka analala ya nini? Jibu la "hufunguliwa" linasaidia, kwamba halali kwa uchovu, amefungiwa. Linasaidia, halimalizi. Kipande hicho kwenye jedwali letu kina nukta, iliyoandikwa kwa penseli.